Shoka Mkononi: Mabishano ya Kitendaguro na Fumbo la Toroli

Aliyepita hata kozi moja ya falsafa chuoni amekutana na lile toroli. Linateremka kwenye reli, breki hazishiki, na mbele yake kuna watu watano. Wewe umesimama kando ya mpini wa kubadilishia njia. Ukiuvuta, toroli litaingia njia ya pili, ambako kuna mtu mmoja. Uvute au usivute? Wengi husema vuta. Kisha mhadhiri anabadilisha picha: sasa uko juu ya daraja, hakuna mpini, ila pembeni yako kuna mtu mnene ambaye ukimsukuma chini mwili wake utalizuia toroli. Wengi walewale waliosema vuta sasa wanasema usimsukume. Hesabu ni ileile, watano kwa mmoja, lakini moyo umegoma.

Fumbo hili lilianzishwa na Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1967, na kwake aliyekuwa na uamuzi ni dereva mwenyewe. Mmarekani Judith Jarvis Thomson ndiye aliyetuletea yule mtu mnene na yule mpita njia aliyeshika mpini. Tangu hapo wanafalsafa hawajaacha kubishana, na wasomaji wa fasihi, tuseme ukweli, wengi wetu tumebaki baridi. Wale watano hawana sura. Hawana mama. Hakuna atakayeulizwa chochote kesho yake.

Nilitaka kuona swali hili linakuwaje likipelekwa kwa watu wenye cha kupoteza. Kwa hiyo hadithi fupi tutakayoisoma hapa nimeibuni mwenyewe. Nimeiweka Kitendaguro, Bukoba, na wahusika wake hawapo duniani. Lakini mambo mawili wanayobishania yalitokea kweli, na bila kuyajua hadithi haitaeleweka.

La kwanza ni MV Bukoba. Meli hii iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikielekea Mwanza, ikiwa na abiria wengi kuliko 430 walioruhusiwa. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, ilipinduka. Haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu hai waliokuwa wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa. Kwa masimulizi ambayo kila mtu wa Kanda ya Ziwa ameyasikia, hewa ikatoka kupitia tundu lile, maji yakapanda, na meli ikaenda chini na waliokuwa bado ndani. Waliokufa siku ile ni zaidi ya 800. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina.

La pili ni ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu na Uwanja wa Ndege wa Bukoba asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Ndani walikuwemo watu 43. 24 walipona, 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba alipiga mbizi hadi mbele ya ndege na kuzungumza kwa ishara na rubani mmoja kupitia kioo. Rubani alimwonyesha avunje kioo. Majaliwa akapanda juu, akapewa shoka, lakini mtu mwenye kipaza sauti akamzuia: kuna mawasiliano na marubani, na maji hayajaingia chumbani mwao. Akarudi chini. Rubani akamwonyesha mlango wa dharura. Akaufunga kamba, mitumbwi ikavuta, kamba ikakatika na kumpiga usoni. Alizinduka hospitalini.

Miaka 26 inatenganisha matukio haya. Mara ya kwanza walitoboa. Mara ya pili shoka lilizuiwa. Hadithi yangu inaanzia hapo.

Hadithi

Ilikuwa Novemba 2024, msimu wa senene. Mabati yalikuwa yamesimamishwa, mapipa yako chini, na balbu kali juu ya nguzo ilikuwa ikiita wadudu ambao hawajafika. Kusubiri senene ni kazi ya maneno. Wazee walikuwa na rubisi yao, Bibi alikuwa kwenye mkeka wake karibu na beseni la maji ya kunawia, na Mwalimu, ambaye hakosi la kusema, akaleta habari ya toroli.

"Vuta, Mwalimu," alisema kijana wa bodaboda kabla hajamaliza. "Watano ni watano."

"Hao walio kwenye reli," akauliza Fundi, "wamekaa hapo kufanya nini?"

Watu wakacheka. Mwalimu akasema hilo haliulizwi, ndivyo fumbo lilivyo.

"Fumbo lenu halina maji," alisema Bibi.

Kicheko kikaisha. Hakuna asiyejua kwamba mtoto wake wa kwanza alipanda MV Bukoba na mikungu kumi ya ndizi, daraja la tatu, na kwamba jina lake halikuonekana kwenye karatasi yoyote.

Kijana alisubiri kidogo, kisha akashindwa kunyamaza. "Utanisamehe, Bibi. Mwaka juzi nilikuwa pale ufukweni. Shoka lilikuwepo. Mtu ameomba mwenyewe avunjiwe kioo. Anayesema subiri yuko nje, anapumua. Mimi ningevunja."

"Wewe umezaliwa lini?" aliuliza Mzee, ambaye ujana wake wote aliumalizia bandarini. "Mwaka 96 watu walivunja. Nao waliomba, waligonga mpaka vidole vikachubuka. Chombo kikiwa kimebeba hewa hukigusi. Unaleta vifaa, unaleta wapiga mbizi, unatulia."

"Kwa hiyo kwa sababu watu walikosea 96, rubani afe 2022?"

"Nani amesema walikosea?" alisema Bibi.

Mzee alikuwa amefungua mdomo amkaripie kijana, akaufunga. "Waitu, Bibi, tunaongea tu."

"Ongeeni. Nami naongea."

Fundi, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, alichukua kikombe cha plastiki, akakipindua, akakizamisha kwenye beseni mdomo chini. "Angalieni. Ndani kuna hewa, maji yanapanda kidogo tu. Nikikiachia kinaruka juu." Akakitoa, akakitoboa kitakoni kwa msumari, akakizamisha tena. Hewa ikatoka ikilia kidogo na kikombe kikajaa. "Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Ni kikombe tu."

Bibi alikitazama kikombe muda mrefu. "Mwanangu alikuwa upande gani wa kikombe?"

Fundi hakuwa na jibu.

"Aliyekuwa chini ya tundu alitoka," Bibi alisema. "Sasa nikiwachukia waliotoboa, nawachukia kwa sababu gani? Kwamba walitoboa? Au kwamba hawakutoboa juu ya kichwa cha mwanangu? Yuko mama ambaye wa kwake alivutwa mkono akatoka. Nikikutana naye nimwambie wasingetoboa?"

"Lakini wasingetoboa, Bibi," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini, "huenda wangekufa wote humohumo, taratibu. Na asingekuwepo wa kulaumiwa."

"Hapo ndipo umesema neno, Mwalimu. Asingekuwepo wa kulaumiwa. Ndiyo maana watu wanapenda kusubiri."

"Bibi, sasa uko upande wa huyu kijana?" aliuliza Mzee.

"Huyu ana rubani mmoja anayemwona macho kwa macho. Waliotoboa walikuwa na mlango mmoja na vyumba wasivyovijua. Hamjaniambia kama ni kitu kimoja."

Mtu akapiga ukelele. Senene walikuwa wamefika, kama mvua iliyokosea njia, wanagonga mabati na kudondokea mapipani. Kila mtu akakimbia. Bibi alibaki na beseni. Akachukua kile kikombe, akaziba tundu kwa kidole, akakizamisha tena.

Wanabishania nini hasa?

Ukisoma haraka utasema Kijana anawakilisha hesabu na Mzee anawakilisha kanuni. Ndivyo toroli lilivyotufundisha kupanga watu. Lakini angalia tena. Kijana alianza na hesabu pale swali lilipokuwa la mchezo, watano ni watano, na alipofika kwenye jambo aliloliona kwa macho yake aliacha hesabu kabisa. Rubani anayemtetea ni mmoja. Hoja yake ni kwamba mtu aliye hatarini ameomba, chombo cha kumsaidia kipo, na kumnyima si kukaa kando. Ni kumtendea jambo.

Mzee naye hahesabu. Anachoogopa ni mkono unaoleta kifo. Foot angemwelewa. Kwake, wajibu wa kutodhuru una uzito kuliko wajibu wa kusaidia, na ndiyo sababu dereva wake anaruhusiwa kugeuza njia: dereva hana njia isiyodhuru, atadhuru watano au mmoja, basi adhuru wachache. Mwokoaji wa ziwani hayuko katika hali hiyo. Asipotoboa, ziwa ndilo linaloua. Akitoboa na chombo kikazama, mkono wake umo. Kwa Mzee tofauti hiyo inatosha kumwambia mtu aweke shoka chini. Tena ana kumbukumbu inayomsukuma, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Hii ndiyo migongano miwili ya dhamiri ambayo hadithi inaikutanisha, na zote mbili ni za kweli. Sidhani kuna msomaji ambaye hajawahi kuzihisi zote katika wiki moja. Kinachonivutia ni kwamba hadithi haiziachi zigongane bila kikomo. Inaingiza kikombe.

Kikombe cha Fundi

Meli iliyopinduka haielei kwa sababu ya chuma chake. Inaelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa chini ya tumbo lake, ambayo imebanwa na maji yanayosukuma kutoka chini. Ukifungua njia upande wa juu, hewa ile iliyobanwa inakimbilia nje na maji yanachukua nafasi yake. Ni kwa kasi gani, inategemea ukubwa wa tundu, kiasi cha hewa, na kama vyumba vya ndani vimetenganishwa na kuta zilizozibwa au vimeachana wazi. Aliyeko juu na mashine mkononi anaweza kujua jambo la kwanza tu, ukubwa wa tundu lake. Hayo mengine yako gizani. Dalili anayoipata ni moja: hewa ikianza kutoka kwa nguvu na mluzi, chombo kinapumua uhai wake.

Lakini kikombe hakisemi "usitoboe kamwe", na hapa Mzee anateleza. Tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, manowari ya Kimarekani USS Oklahoma ilipinduka na mabaharia wakanaswa ndani, wanagonga kuta kama walivyogonga wale wa MV Bukoba. Mafundi wa bandari walikata tumbo lake. Walipotumia moto wa gesi, moshi na ukosefu wa hewa uliwaua watu mle ndani, wakabadilisha na kutumia patasi zinazoendeshwa kwa hewa. Kila walipofungua chumba, hewa ilitoka na maji yakapanda, ikabidi wafanye haraka. Waliwatoa watu 32 wakiwa hai. Wangeweza kufanya hivyo kwa sababu moja kubwa: bandari ilikuwa na kina kifupi na manowari ilikuwa imelala kwenye tope. Haikuwa na pa kuzama zaidi.

Tendo ni lilelile, chuma kinakatwa ili mtu atoke. Kinacholigeuza ni kama kile chombo kinaelea kwa hewa unayoiachia, au kimekaa juu ya kitu kigumu. Mabishano ya maadili yanaweza kuendelea mpaka asubuhi huku jibu lake limelala chini ya meli, kwenye tope. Toroli linatuficha hili, kwa kuwa mwenye kulitunga ametuambia kila kitu mapema: ni watano, watakufa hakika, mpini unafanya kazi. Ziwani aliyeshika shoka hajui ni wangapi, hajui kama kuvunja kutasaidia, na muda wa kujua ndio uleule unaokula hewa ya walioko ndani.

Hata shoka la mwaka 2022 lina swali la namna hii. Kioo cha mbele cha ndege kimetengenezwa kwa tabaka kadhaa ili kihimili kugongwa na ndege wa angani kwa kasi kubwa. Mtu aliye chini ya maji, asiye na pa kusimama, hawezi kurusha shoka kwa nguvu anayoipata nchi kavu. Kijana anaposema "mimi ningevunja" anazungumza kama vile kuvunja ni kuamua tu. Huenda kingevunjika, huenda kisingevunjika. Hadithi haina haki ya kujibu hilo, na imefanya vizuri kunyamaza.

Swali la Bibi

"Mwanangu alikuwa upande gani wa kikombe?" Hili ndilo swali ambalo kwangu linabeba hadithi nzima, na ni swali la falsafa safi, hata kama limetoka kwenye mkeka.

Bibi anauliza nani anabeba hatari ya tendo, na kama yeye ndiye aliyeliomba. Pale kwenye kioo cha ndege, hatari ya kuvunja ilikuwa ya wale wawili waliokuwa chumbani, na mmoja wao ndiye aliyeonyesha kwa mkono wake kwamba avunjiwe. Kwenye meli, aliyegonga karibu na tundu aliomba kwa ajili yake mwenyewe, ila hatari ya tundu lake iliwaangukia wengine waliokuwa mbali ndani, ambao kugonga kwao hakukusikika, au kulisikika tu kama kelele moja na nyingine. Hakuna anayeweza kuridhia kwa niaba ya mtu wa chumba cha pili. Ndiyo maana Bibi anawaambia hawajamwonyesha kama matukio haya ni kitu kimoja. Mzee alichukua umbo la tukio la 1996, chombo kimenasa majini, watu wako ndani, usitoboe, akalibandika juu ya 2022. Umbo lilifanana. Mbeba hatari hakufanana.

Inashangaza kwamba Thomson naye, mwenye toroli lake, alifika karibu na hapo. Mwaka 2008, miaka zaidi ya thelathini baada ya makala yake ya kwanza, aligeuka akasema mpita njia haruhusiwi kuvuta mpini. Sababu yake ilikuwa ya kawaida sana. Kama ungekuwepo uwezekano wa kuligeuzia toroli kwako mwenyewe, na usingefanya hivyo, basi huna haki ya kumtoza mtu mwingine gharama ambayo wewe hutaki kuilipa. Yule mmoja kwenye reli ya pili hajaulizwa. Kwa maneno ya Bibi: yuko upande gani wa kikombe, na nani alimuuliza?

Lakini tusimfanye Bibi kuwa na jibu la kila kitu. Ridhaa ya rubani nayo ina mipaka. Aliomba akiwa ndani, bila kuona nje kukoje. Mwenzake alikuwa pembeni, na hatujui kama ishara ile ilikuwa ya wote wawili. Na mtu mwenye kipaza sauti hakusema "subiri" kwa uvivu. Alitoa sababu, kwamba wana mawasiliano na kwamba maji hayajaingia. Sababu hiyo ikiwa kweli, kulinda chumba kikavu ni jambo la busara. Hadithi ingekuwa ya bei rahisi kama ingemgeuza yeye kuwa adui. Mimi namwona kuwa na shida ileile ya aliyeshika mashine mwaka 1996: alipaswa kuamua kabla ya kujua.

Tofauti iko kwenye kile kinachofuata, na Bibi amekiona. Anayetoboa na mambo yakaharibika, jina lake linakaa kwenye midomo ya watu miaka 28. Anayesubiri na mambo yakaharibika mara nyingi hana jina. Anakuwa "taratibu", anakuwa "tulikuwa tunasubiri vifaa". Sisi tunaliita hilo tahadhari, na mara nyingi ni tahadhari kweli. Lakini mkono unaozuia shoka ni mkono pia. Kama Foot ana haki kwamba kudhuru ni kuzito kuliko kutosaidia, bado kumzuia mwingine asisaidie hakuingii kirahisi kwenye kikapu cha kutosaidia. Ni tendo, na linahitaji sababu nzuri sawasawa na tundu linavyohitaji.

Mwanafalsafa atasema nimedanganya

Najua pingamizi litakalokuja. Fumbo la toroli liliondoa maji, mama na giza kwa makusudi, ili jambo moja lionekane peke yake, kama mganga wa maabara anavyotenga kidudu kimoja kwenye kioo. Nimerudisha kila kitu, halafu nashangaa kwamba picha imechafuka. Pingamizi hili lina ukweli. Bila toroli tusingeona waziwazi kwamba watu wanaokubali kuvuta mpini wanakataa kusukuma mtu, na hilo ni jambo la kujua kuhusu sisi.

Jibu langu ni kwamba vile vilivyoondolewa si uchafu. Kutokujua, ridhaa, na lawama ya kesho ndiyo mada yenyewe mara mtu anapokuwa na shoka mkononi. Aliyefunzwa na toroli pekee atakwenda ziwani akiuliza "ni wangapi kwa wangapi?" Hilo litakuwa swali lake la kwanza, na ndilo ambalo hatapata jibu lake. Aliyekaa kwenye mkeka wa Bibi angalau atauliza chombo hiki kinaelea kwa nini, tendo langu litamwangukia nani, na huyo ameniambia nini. Kisha atauliza la Fundi: je, hatari yenyewe inaweza kupunguzwa kabla ya kuichagua, kwa kusukuma hewa ndani wakati unakata, au kuingia kwa wapiga mbizi kutoka chini? Kidole cha Bibi kwenye tundu ni swali hilo. Toroli haliruhusu kuuliza, maana limeamua tangu mwanzo kwamba mtu lazima afe.

Afrika ina utamaduni mrefu wa hadithi zinazoishia kwenye swali badala ya mwisho. Mwanaanthropolojia William Bascom alizikusanya nyingi katika kitabu kimoja mwaka 1975. Msimuliaji anafika pale ambapo watu wawili au watatu wote wana haki, ananyamaza, na wasikilizaji wanaanza kubishana. Mabishano ndiyo hadithi. Nadhani toroli limezaliwa upya bila kujua katika ukoo huo, ila limekosa wasikilizaji wanaofahamiana, watu ambao kesho watakutana sokoni na watakumbuka nani alisema nini.

Kwa hiyo nami naacha swali, na si lile la mpini. Yule mama mwingine, ambaye wa kwake alivutwa mkono akatoka kwenye tundu, hajaingia kwenye hadithi yangu. Tuseme siku moja amekuja Kitendaguro kwa shughuli zake, akaketi kwenye mkeka ule. Ana haki ya kushukuru mbele ya Bibi kwamba walitoboa?